Migomba ya Mama Kokuberwa

Mama Kokuberwa, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, alijenga kwenye mteremko kule Bunju. Fundi Albano alichonga kilima upande wa nyuma, udongo wake akaushindilia mbele kuwa ua, na msingi wa nyumba akaushusha ngazi kwa ngazi mpaka kwenye ardhi ngumu. Nyuma akachimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani.

"Mama, huu usiuzibe."

Wala hakuuziba! Aliujaza samadi tu, akapanda migomba, maana nyumba isiyo na migomba mgongoni yeye aliiita gesti.

Masika ilipoingia, maji yakakosa mtaro, yakaizunguka nyumba na kuulowesha ua. Kulipokucha nyumba ilikuwa imara vilevile, lakini nusu ya ua ilikuwa imeporomokea kwa Gaspar, jirani wa chini, pamoja na banda la kuku, na jogoo anawika humohumo.

Kwa hasira mama aling'oa migomba yote, akaitupa bondeni, akauzibua mtaro mwenyewe. Gaspar akaiokota, akaipanda kwenye ule udongo ulioporomoka.

Sasa mikungu inaning'inia kwa Gaspar. Mama akichungulia tu, anaamkiwa kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama! Mwaka huu hutuongezei udongo?"