Mama Shuka Aomba Kufutiwa Makato

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, benki iliyo mkabala na hospitali ya wilaya iligonga muhuri wa kupokelewa kwenye barua ya fundi cherehani wa hospitali hiyo. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, na kichwa chake kilipigiwa mstari kwa rula: OMBI LA KUFUTIWA MAKATO YA KILA MWEZI.

Hospitalini wanamwita Mama Shuka. Anashona shuka, mapazia ya wodi na, zikihitajika, sanda. Chumba chake kiko chini kabisa, kinapakana ukuta na chumba cha maiti. Ukikaa humo mchana kutwa, sauti za watu wa ghorofani hukufikia kama za majirani waliokwisha kuhama.

Ombi lake lilikuwa wazi. Akaunti yake ilikuwa ya mshahara, na akaunti ya mshahara haikatwi ada ya mwezi maadamu mshahara unaingia. Wa Agosti haukuingia. Wa Septemba nao haukuingia. Benki ikaihesabu akaunti kuwa ya kawaida, ikaanza kumlimbikizia ada. Juu yake ikaongeza adhabu kila tarehe 5, agizo la kulipa kodi ya nyumba lilipokuta akaunti tupu. Mshahara wa Oktoba ulipoingia, makato yote yaliruka juu yake siku hiyo hiyo. Kilichobaki hakikutosha kodi. Na ada ya mwezi ilikuwa ikiendelea, kwa kuwa hakuna aliyeirudisha akaunti mahali pake.

Mwenye nyumba alishamwambia, bila kupandisha sauti: "Mama Shuka, miezi miwili nimekuchekea. Tarehe 5 hii pesa isipoingia, tarehe 6 nakuja na kufuli langu." Katika chumba alichopanga anaishi na mama yake mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi za nyumba nyingine.

Kwa hiyo alikuja benki na barua mbili. Moja yake. Ya pili ilitoka kwa mhasibu wa hospitali, kuthibitisha kuwa mshahara ulichelewa. Ilifungwa kwa gundi na kuandikwa juu: Meneja wa Tawi.

Dada wa mapokezi aligonga mihuri, akaichana bahasha, akazipitisha barua zote mbili kwenye mashine ya kunakili ili ziende makao makuu. Kisha akaisoma ile ya pili. Akamtazama Mama Shuka. Akaisoma tena.

"Mama, wewe ndiye mwenye akaunti?"

"Ndiye mimi."

"Mwenyewe kabisa?"

"Sasa nani mwingine, mwanangu? Kitambulisho si hicho umekishika?"

Yule dada alikiweka kitambulisho mezani, akakisogeza kwa ncha ya kidole mpaka kilipovuka ukingo wa dirisha, akaondoka kwenda ndani.

Baridi ya viyoyozi vya humo ilimpanda Mama Shuka kuanzia miguuni. Watu wawili waliokaa karibu naye waliitwa, na viti vyao vikabaki vitupu. Hakuna aliyekuja kuvikalia, ingawa wengine walisimama. Simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulitoka benki: *Tunatoa pole kwa familia kwa kuondokewa na mteja wetu. Akaunti imesimamishwa hadi msimamizi wa mirathi atakapofika na hati za mahakama.*

Akausoma mara mbili. Wazo lake la kwanza lilikuwa mama yake. Akapiga nyumbani.

"Nipo, nachambua mchele," mama akasema. "Mbona unahema?"

Meneja alimwita ofisini na kumvutia kiti mwenyewe, kama wanavyofanya watu msibani. Alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea. Barua ya mhasibu ilikuwa mbele yake.

"Mama, ombi lako nimelielewa, na nimelikubali. Ada zote nakurudishia, na adhabu za agizo la kodi pia. Hizo ziko ndani ya uwezo wangu. Tatizo ni hii ya mwajiri." Akasoma polepole: "'Mshahara wa mtajwa ulisitishwa mwezi Agosti kufuatia kifo cha mtumishi.'"

"Kifo cha nani?"

"Jina ni lako. Namba ya utumishi ni yako."

"Lakini si unaniona?"

"Nakuona, mama. Ila makao makuu wameona karatasi. Benki ikishapokea taarifa ya kifo kwa maandishi, akaunti inafungwa palepale. Pesa inaweza kuingia, kutoka haitoki."

"Kwa hiyo mnanirudishia makato, halafu siwezi kuyagusa."

"Ndivyo." Akakohoa. "Ada ya mwezi haitakatwa tena. Akaunti ya marehemu haitozwi."

Meneja akasikia aibu papo hapo, akainamisha macho.

Mama Shuka alivuka barabara kurudi hospitalini. Ofisi ya uhasibu ilinyamaza alipoingia. Ndipo alipokumbuka kuwa mwezi uliopita, alipofuatilia mshahara wake, karani alimshika mkono na kuubana kidogo, kama anayepima kama chungu kimepoa, kisha akasema ni hitilafu ya mfumo. Mshahara waliurudisha. Sababu waliyokuwa wameiandika hawakuifuta, na mhasibu aliinakili kama ilivyo.

"Nani aliwaambia nimekufa?"

Karani akafungua jalada. Siku ya uhakiki wa watumishi, Mama Shuka alikuwa bohari kufuata nyuzi. Mkuu wake wa kazi, mtu wanayemwita Msemaji kwa kupenda kwake kauli za kupambwa, aliulizwa fundi yuko wapi. Mbele ya jina lake akaandika: *Ametutoka.*

Msemaji aliitwa. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Si nilimaanisha umetuponyoka? Umetoka kidogo, umetuacha na kazi?"

"Ungeandika ametoka, bwana!" karani akafoka. "Hiyo *tu* yako imetufanya tuchange rambirambi!"

"Mlichanga?" Mama Shuka akauliza.

Karani akafunga jalada. "Tulichanga. Hatukujua nyumbani kwako. Ikabaki hapa, mpaka ulipotokea mlangoni. Tukaogopa kukupa."

Hakuna aliyecheka. Kutoka chini, kwenye chumba cha kushonea, cherehani ilisikika ikizunguka. Alikuwa yule fundi mpya aliyeletwa Septemba kujaza nafasi yake, na ambaye hakuna aliyewahi kumweleza Mama Shuka alikuja kwa nini.

Mhasibu aliandika barua nyingine: mtumishi yu hai, yuko kazini, taarifa ya awali ilikuwa kosa. Meneja aliipokea kabla dirisha halijafungwa. Kufungua akaunti kungechukua siku tatu za kazi, alisema, na mteja lazima afike mwenyewe na mtu wa ofisini kwake wa kumthibitisha. Tarehe 5 ingepita katikati.

Jioni Mama Shuka alimpa mwenye nyumba nakala za barua zote mbili za mhasibu azisome chini ya taa ya kibarazani. Mwenye nyumba aliishia ya kwanza. Akamrudishia akizishika kwa ncha za vidole.

"Ziondoe hizi. Lipa Ijumaa."

Mama yake alitaka kujua ni karatasi gani. Alipoambiwa, alimkataza asivuke nazo kizingiti, nazo zikalala nje chini ya jiwe.

Alhamisi asubuhi, Mama Shuka na Msemaji watakwenda benki pamoja. Mama Shuka ataweka alama za vidole vyake, na Msemaji atasaini kwamba anamfahamu na kwamba yu hai. Meneja amemwagiza asiandike neno lolote la ziada.