Nembo ya Ungo na Kitambaa cha Televisheni

Binti yangu wa mwisho alikuwa anapiga video za harusi na komunyo ya kwanza. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale Majengo, chenye kompyuta na feni inayolia kama mgonjwa. Kazi yake ilikuwa nzuri, na mimi si mtu wa kusifu watoto. Ila kila kanda ilikuja na sura yake. Hii maandishi ya bluu yamejikunja kama utumbo wa kuku, ile ya njano yenye maua, nyingine inaanza kwa mioyo inayoruka. Nikamwambia watu watakula chakula chako na hawatajua kimetoka jiko gani. Akacheka.

Kicheko kilimwisha alipokuja mzee mmoja wa Tunduru, mnunuzi wa madini. Alikuwa ameona kanda ya harusi kwa shemeji yake, akaipenda, akasafiri kumtafuta aliyeipiga. Ndani ya kanda jina hakuna. Kwenye kasha kulikuwa na karatasi yenye jina la kijana anayerudufu kanda stendi. Basi mzee akaenda kwa huyo, akampa harusi ya binti yake mkubwa. Sisi tulisikia pilau imeshaliwa.

Lakini mzee alikuwa na binti mdogo, naye ameshaposwa. Harusi hiyo mwanangu aliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Akakaa kutengeneza alichokiita mkoba. Mkoba wenyewe ni jina tu, ni mahali ndani ya kompyuta alipoweka vitu vyake vyote vya kutumia kila mara. Cha kwanza nembo. Aliona ungo wangu ukutani, akauchora, akauhifadhi bila kitu chochote nyuma yake, maana mara ya kwanza ulitokea ndani ya kisanduku cheupe kama stempu. Kisha akaufifisha kidogo, picha ionekane kupitia humo. Ukae pembeni harusi nzima, akasema, anayerudufu arudufu na ungo wangu.

Akachagua maandishi ya aina mbili tu, moja ya majina, moja ya maelezo, akayatia mkobani, kwa sababu kompyuta isiyo nayo huweka ya kwake bila kuuliza. Rangi akazitoa kwenye khanga yangu, kijani na ile nyekundu iliyokolea iitwayo damu ya mzee, akaandika namba zake asikisie tena. Mwisho akatengeneza mwanzo wa video: ungo unapepeta, mchele unaruka, pakishatulia panatokea nafasi ya majina ya maharusi. Kila harusi anachukua nakala, anaandika majina mapya, ule wa asili haugusi.

Akampelekea mzee habari kwamba anapiga harusi, naye mzee akatuma salamu kwamba anapita hapa Songea, angependa kuona kazi. Ofisini hapakuwa na pa kumkalisha, ikaamuliwa aje kwangu. Asubuhi ile mwanangu akaleta kanda tuijaribu kwenye televisheni yangu. Mchele ukaruka vizuri. Harusi ikaanza. Ungo wa pembeni haupo.

Akasogea. Alikuwa ameuweka juu kulia, ukingoni kabisa. Televisheni ilikuwa imemeza nusu, maana kioo chake hakionyeshi kingo zote kama kompyuta. Nusu iliyobaki ilifunikwa na ncha ya kitambaa changu cha kufuma, kinachoning'inia kutoka juu ya televisheni.

"Mama, tukitoe tu kwa leo."

"Hakitoki."

"Mgeni atakuja haoni kitu."

"Na kwa shemeji yake Tunduru utakwenda kukitoa? Nyumba gani unaijua yenye televisheni bila kitambaa?"

Akanitazama, akakitazama kitambaa. Alichukua kanda akatoka karibu anakimbia.

Nasikia aliushusha ungo chini kulia, akausogeza ndani mbali na ukingo, na majina ya watu akayapeleka kushoto yasigongane nao. Alirekebisha ndani ya mkoba kwanza, ndipo kwenye kanda. Mchana alirudi ananuka jasho.

Mzee alifika baada ya swala ya alasiri. Alikunywa chai, akatazama harusi nzima mpaka zawadi zikaisha. Mwanangu alikuwa amekaa kama anasubiri majibu ya mtihani. Mzee akauliza kama yeye ndiye aliyepiga ile ya kwa shemeji yake. Akasema ndiye.

"Mbona ile haina ungo?"

"Ungo sikuwa nao."

Mzee akacheka, akasema basi harusi ya mdogo ni yake, na huo ungo usikose, shemeji asije akadai ameipiga mwenyewe.

Siku ya harusi sikwenda, magoti hayataki basi la Tunduru. Niliiona kwenye kanda, hapa sebuleni. Ungo ulikaa chini pale pale mwanzo hadi mwisho. Kitambaa nilikuwa nimekifua, nikakirudisha mahali pake.