Kodi Ipi?

Mashine ya kufuma sweta niliinunua kwa malipo ya mwisho ya mama, yale ambayo mwajiri wake alitupa baada ya mazishi yake. Ilikuwa imetumika, sindano zake kadhaa zimepinda, na mwenye kuniuzia alinitazama kwa huruma ambayo haikumfanya apunguze bei. Shangazi kutoka Kitui alisema ni heri pesa zile zingenunua mbuzi. Lakini mbuzi angekaa wapi Lindi, mtaa wetu wa mabanda, kwenye chumba kimoja chenye sisi watatu? Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikifanya kazi kwa dobi mmoja wa Riruta, kupiga pasi na kukunja nguo za watu. Mshahara ulilipa chumba na unga. Mashine ndiyo ingelipa karo ya mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameingia sekondari, na viatu vya mdogo wetu wa mwisho, ambaye miguu yake ilikua haraka kuliko yeye mwenyewe.

Nilikodi kibanda Kawangware kwa sababu kilikuwa karibu na kazini. Nikitoka kwa dobi jioni, na Jumamosi baada ya saa sita, nilifungua kibanda na kufuma sweta za shule. Tajiri wangu, yule dobi, nilimwambia mapema, asije akasikia kwa wengine. Alifikiri kidogo, akasema, "Ilimradi hufumi kwa saa zangu, wala kwa stima yangu." Mashine ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, kwa hivyo stima yake haikuwa hatarini.

Tangu siku ya kwanza niliandika. Mama alikuwa akiandika hata chumvi aliyoazima, na mimi nikaendelea hivyo bila kujiuliza. Kila jioni niliandika sweta zilizouzwa upande wa kushoto wa daftari, na upande wa kulia yaliyotoka: uzi, sindano, mafuta ya mashine, kodi. Risiti za uzi nilizichoma kwenye waya ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Mshonaji wa viatu aliyekuwa kibanda cha pili, mtu wa mkoa wa Magharibi mwenye sauti ya kwaya, alinicheka.

"Siste, unaandikia nani?"

"Najiandikia."

"Mimi najijua bila kujiandikia. Jioni nikishika mfuko, najua kama nimekula hasara."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi upande wa mtaa wa Olympic alikuja kibandani. Alivuta sweta moja kwenye bega, akaigeuza ndani nje, akatazama mishono ya kwapa. Kisha akasema anataka sweta za madarasa mawili kabla ya muhula wa pili kufunguliwa, maana baridi ya katikati ya mwaka huwakuta watoto hawana kitu. Niliona karo ya mdogo wangu imesimama mlangoni, imevaa suti.

"Leseni unayo?" akauliza.

Nilimwonyesha. Ilikuwa imepigiliwa misumari juu ya mashine, ndani ya karatasi ya nailoni.

"Hiyo ni ya kanjo, ya baraza la jiji. Na namba ya kodi ya mapato? Wakaguzi wetu hawakubali nikilipa mtu asiye na namba na risiti. Ukiipata mwezi huu, kazi ni yako. Usipoipata, kuna mwingine hapo Riruta."

Alipoondoka, mshonaji wa viatu aliacha nyundo.

"Usiende huko."

"Kwa nini?"

"Wewe saa hii watu wa kodi hawakujui. Ukienda, umejitaja. Watauliza tangu lini unauza. Watapiga hesabu ya miaka yote, ukishindwa kulipa, wanabeba mashine. Binamu yangu walimbebea friji."

"Kwa sababu ya kodi?"

Akaokota nyundo yake. "Ilikuwa mkopo. Lakini friji ilienda."

Nilicheka, ila usingizi haukunijia vizuri siku zile. Nikikosa namba, sweta za shule zinaenda Riruta na mdogo wangu anarudishwa nyumbani. Nikienda kuitafuta, huenda nikaipoteza mashine, na pamoja nayo kitu cha mwisho ambacho mama alitufanyia. Kilichonipa nguvu ni daftari. Nilipolifungua na kuona neno kodi, kodi, kodi, kila mwezi, na katikati ya mwezi mara nyingi, nilijiambia: mimi nimelipa. Hakuna mtu wa kunidai.

Tajiri alinipa ruhusa ya asubuhi moja, akanipa pia ile karatasi ya mwaka inayoonyesha mshahara wangu na kodi aliyokata. Nilivaa sketi ya kanisani, nikafunga daftari na risiti ndani ya kitambaa, nikaenda mjini kwenye ofisi ya kodi.

Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, ana mafua, leso imetokeza kwenye mkono wa sweta. Nilimweleza kazi zangu mbili na agizo la shule. Kabla hajauliza lolote, nikamsukumia daftari.

"Kodi nimelipa yote," nikasema. "Iko hapo. Sijawahi kuruka mwezi."

Akafungua. Akapitisha kidole. Akapiga chafya, akapitisha tena.

"Hii ya tarehe tano, ulimlipa nani?"

"Keateka."

"Nani?"

"Yule anayemchukulia landilodi kodi. Lindi."

"Na hii ya tarehe saba?"

"Ya kibanda. Kawangware."

"Hizi ndogondogo?"

"Tikiti za soko, za kanjo, kabla sijapata leseni. Na hii ya mwisho wa mwezi ni ile tajiri amekata kwenye mshahara. Niliiandika ili isisahaulike."

Akaweka kalamu chini. Nilijua ameanza kucheka kwa jinsi mabega yalivyotikisika, lakini hakucheka vibaya.

"Binti yangu, umepanga foleni watu wanne tofauti, wote ukawapa jina moja. Serikali ni mmoja wao tu, nayo umeilipa kwa mshahara peke yake. Kwa sweta hujalipa kitu."

Nilifikiria mikono ya watu ikiinua mashine, sindano zikining'inia.

"Mtaichukua?"

"Nini?"

"Mashine."

"Tuifanyie nini? Mimi sijui kufuma." Akavuta kiti. "Ulianza lini kuuza?"

"Mwaka jana, Machi."

"Basi hujachelewa. Hesabu za mwaka jana, kuanzia Januari mpaka Desemba, zinaletwa mwaka huu, na muda bado upo. Ungekaa kimya miaka mitano, hapo tungeongea lugha nyingine. Sasa tuanze. Kodi haitozwi kwa mauzo, inatozwa kwa faida. Niambie ipi kati ya hizi kodi zako ni ya biashara."

Tulizipitia pamoja. Chumba cha Lindi alikitoa: hapo ninalala, hata kama huwa nahesabu vifungo juu ya kitanda. Kibanda akakiacha, na tikiti za kanjo, na leseni. Uzi wote wenye risiti ukabaki. Mashine yenyewe nilikuwa nimeiandika nzima katika mwezi nilioinunua. Akanieleza kwamba kitu cha kudumu hakitolewi chote kwa mwaka mmoja. Kila mwaka unatoa sehemu yake, kwa kuwa kinachakaa polepole. Nilipenda kusikia hivyo. Ilikuwa kama ameniambia mashine bado ina miaka mingi mbele.

Kisha kidole kikasimama tena. "Hizi sweta mbili hazina bei."

"Ni za wadogo zangu."

Akauliza umri wao, nikamwambia. Akauliza wazazi, nikamwambia pia.

"Wafumie," akasema. "Ila uzi wake uutoe kwenye gharama. Huo ni wa nyumbani."

Mwishoni alipata faida ya mwaka, akaijumlisha na mshahara, akapiga kodi ya vyote viwili, kisha akapunguza ile ambayo tajiri alikuwa ameshakata. Nilimuuliza kama kuna unafuu kwa mtu mdogo kama mimi. Akasema upo, lakini ni mmoja kwa mtu, na wangu tajiri alishaupigia hesabu kwenye mshahara. Ningekuwa na sweta tu bila ajira, kwa faida ndogo namna ile pengine nisingedaiwa kitu, ingawa hesabu ningeileta. Kwa kuwa nina mshahara, faida inakaa juu yake na kutozwa. Ile kodi nyingine, ya kuongezwa kwenye bei, akasema nisijisumbue nayo. Ni ya wenye mauzo makubwa kuliko yangu.

Aligeuza karatasi niisome. Niliisoma mara mbili. Kilichobaki kulipwa kilikuwa chini ya bei ya sweta nne.

"Ni hiyo tu?"

"Unataka niongeze?"

"La, mama."

"Na namba hulipii. Mtu akikuomba pesa hapo nje akupatie namba, mwache na mfuko wake."

Nilijaza fomu, nikaacha nakala ya kitambulisho. Sikupanda gari kurudi. Nilitembea mpaka Kawangware nikiwa nimebeba daftari mkononi bila kitambaa, na njiani nilinunua muwa nikautafuna kama mtoto.

Mshonaji wa viatu aliniona kwa mbali. Alitazama kwanza mikono yangu, kisha kibanda changu, kana kwamba mashine ingeweza kutoroka yenyewe.

"Wamekuachia?"

"Wamesema hawajui kufuma."

Akarudi kupaka gundi kisigino. Halafu, bila kuinua kichwa, "Hilo daftari linauzwa pesa ngapi?"

Namba ilikuja kabla ya mwezi kuisha. Nililipa deni langu na nikahifadhi stakabadhi pamoja na leseni, nikanunua kitabu cha risiti chenye karatasi ya kunakili. Mwalimu mkuu alipata sweta zake siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Mdogo wangu alirudi sekondari na karo yote, akiwa amevaa ile sweta isiyo na bei.

Daftari jipya nililipigia mistari upya usiku wa Jumapili, wadogo zangu wakitazama. Niliwaeleza kwa nini neno moja sasa lina safu nne: ya nyumba, ya kibanda, ya kanjo, ya serikali. Ya nyumba niliipeleka ukurasa wa nyuma kabisa, peke yake. Na kila ninapouza sweta, natenga kidogo kwenye mkebe mwingine, ili siku ya serikali isinikute nikitafuta.

Tarehe tano, keateka alibisha hodi kama kawaida yake, kwa funguo.

"Kodi!"

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Alimtazama yule mzee kutoka miguuni mpaka kofiani.

"Ipi?" akamuuliza.