Mstari Mmoja

Wifi yangu alikuja Igoma kutoka Nansio na chupa ya dawa ya mitishamba ya kusafisha kizazi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Alinunua kipimo cha mimba cha mkojo duka la dawa akanisimamia nipime. Ukatokea mstari mmoja.

"Tumbo ni tupu," alisema. "Kunywa."

"Sinywi. Siku zangu bado hazijafika. Tumepima mapema mno."

Mume wangu alinisihi ninywe kidogo tu, yaishe. Nilimwambia anywe yeye, nikaendelea kushona.

Kesho yake nilikwenda kliniki kumuuliza nesi. Aliniambia sikukosea. Mimba ikishajishikiza kwenye mji wa mimba, ndipo mwili unaanza kutoa homoni inayotafutwa na kipimo. Mwanzoni huwa kidogo mno kwenye mkojo, kipimo hakiioni, ila huongezeka haraka. Akasema nisinywe dawa yoyote nisiyoijua, na hedhi ikichelewa nirudie kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Wifi alinuna, lakini hakuondoka. Hedhi ilichelewa wiki nzima, nikapima tena. Safari hii mistari ilikuwa miwili, na nesi akathibitisha.

Wifi alilia kwa furaha. "Mungu mkubwa. Kumbe ungekunywa ungeniulia mtoto wa kaka yangu."

"Hata ingekuwa hamna kitu, wifi, nisingekunywa," nilimjibu. "Tumbo ni langu."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.