Unyevu Unatosha

Mwanaidi Shamte hakujaliwa subira, na mtu yeyote wa Kivinje atakuambia hivyo hata kabla hujamuuliza. Alipoachika alirudi kwenye shamba la marehemu baba yake, nje kidogo ya mji, akamlea binti yake Sada mpaka akamwozesha Lindi, kisha akabaki na jembe lake. Wachumba walikuja, akawafukuza. Alisema mume mmoja alitosha kumwonyesha wengine walivyo. Umri wake arobaini na ushei, mwili mkavu, ulimi mkali, na kila kiangazi, wakati bustani za wenzake zimekuwa makapi, nyanya zilizobaki sokoni ni za Mama Sada. Hizo ndizo zilizomlisha, na hizo ndizo zilizompa heshima ya kumjibu mtu anavyotaka.

Alikuwa na kibarua mmoja tu, Kornelio, mtu wa Kipatimu, mkimya, aliyekuja kwa msimu mmoja akakaa miaka. Mwanaidi akimfokea asubuhi, Kornelio humjibu jioni, tena kwa neno moja. Walielewana hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyejengea miche vichanja na kuifunga, yeye ndiye aliyechuma, na shamba lile bila yeye lilikuwa mzigo wa watu wawili juu ya kichwa kimoja.

Sasa mwaka huu ikaja mashine. Yasini, fundi wa sola kutoka mji wa Masoko, alikuwa akitafuta shamba la kujaribia kifaa alichokiunda mwenyewe, na kisima cha Mwanaidi kilikuwa kimeanza kupungua. Wakakubaliana. Yasini akasimamisha nguzo kwenye ncha ya tuta la kwanza, akaning'iniza juu yake kisanduku chenye kompyuta ndogo kuliko kiberiti, akazika kipima unyevu ardhini kwenye usawa wa mizizi, hatua moja kutoka kwenye nguzo, akavuta waya chini kwa chini. Kutoka kwenye simtanki alilaza mipira yenye matundu ya kudondoshea maji, na mdomoni akaweka valvu inayofunguliwa na kile kisanduku.

"Iko hivi, Mama Sada," alimweleza. "Nimeweka mistari miwili. Unyevu ukishuka chini ya mstari wa juu, mashine inajiuliza kwanza: je, niwagilie sasa au ningoje? Ukishuka mpaka mstari wa chini, haijiulizi tena, inafungua maji. Kwa sasa haijui kujiuliza, kwa hiyo itafungua kila ikifika mstari wa juu. Huku inaandika vipimo. Baadaye nitavichukua vipimo hivyo niifundishe udongo wako unavyokauka, saa ngapi, joto likiwa kiasi gani. Itakuwa na uwezo wa kukisia saa chache mbele."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe hakikisha tu hakuna mtu anayemwaga maji pale kwenye nguzo. Ukimwaga pale, unaidanganya."

Mwanaidi alilishika neno hilo kama amri ya serikali. Akazungushia pale matawi ya miiba, akaacha upenyo wa kupita yeye tu. Kornelio akakatazwa kupita na ndoo. Mbuzi wa jirani wakapigwa mawe. Baada ya wiki mbili pakawa ndipo mahali pasafi kuliko pote shambani, hapana nyayo wala kinyesi cha mnyama.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Kisha Yasini akaja na kompyuta yake, akachukua vipimo, akaifundisha ile mashine, akairudisha ikiwa na akili mpya. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nyanya zilikuwa zinatoa maua. Jua la mchana linachoma, majani yananing'inia, na simu ya Mwanaidi inalia. Anasoma ujumbe, maana mashine sasa ilikuwa ikiwatumia taarifa yeye na Yasini: *Unyevu unatosha. Nasubiri.* Anatazama mche, mche umelala. Anatazama simu. *Unyevu unatosha.* Jioni vivyo hivyo. Maji yakija, yanakuja yamechelewa, tena mengi kwa mpigo. Matunda ya kwanza yakatoka na vitako vyeusi, vimeoza kabla ya kuiva, kama inavyokuwa kwa nyanya inayokaushwa leo ikafurikishwa kesho.

"Bwana mkubwa anasubiri," alimwambia Kornelio kwa kejeli. "Sijui anasubiri posa."

Akampigia Yasini. Yasini akavipitia vipimo akiwa kwake Masoko, akampigia tena. "Mama Sada, kifaa ni kizima. Kuna mtu anamwaga maji pale nguzoni mchana. Unyevu unaruka ghafla wakati valvu imefungwa. Na mashine imeshajifunza kwamba mchana maji huja yenyewe, ndiyo maana inasubiri."

Mchana shambani walikuwa watu wawili tu. Mwanaidi hakuhitaji kupiga ramli. Akamwita Kornelio.

"Unanawa pale?"

"Hapana."

"Unaoga pale?"

"Mama Sada, pale ulinikataza."

"Basi maji yanamwagwa na shetani?"

Kornelio hakujibu. Ukimya wake, ambao miaka yote ulikuwa raha, siku hiyo ukamuudhi Mwanaidi kuliko tusi. Akasema mengi, na mengine hayasemeki. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akamfukuza. Na kwa kuwa hasira yake haikuwa na breki, alipofika sokoni Kivinje akaendelea: Kornelio mwongo, Kornelio mharibifu, asiyetaka mashine kwa kuogopa itamnyang'anya kazi. Watu walimsikia, na neno la Mwanaidi lilikuwa na uzito.

Tena, tazama mambo! Kornelio aliondoka, na siku ya pili yake mashine ikapona. Hakuna kuruka tena. Unyevu ukashuka polepole, ukapita mstari wa juu, ukafika wa chini, valvu ikafunguka. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Majani yakainuka. Mwanaidi akatembea na simu mkononi kumwonyesha kila aliyetaka na asiyetaka. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Wiki ile ikapita. Kisha mchana mmoja simu ikalia. *Unyevu unatosha. Nasubiri.*

Alikaribia kuitupa kisimani. Shamba zima alikuwa peke yake. Alikuwa amechoka kuchuma na kufunga miche kwa mikono miwili, mgongo unamuuma, nyanya zimeanza tena kuoza vitako, na bwana mkubwa anasubiri. Akampigia Yasini akamwambia ama aje leo, ama akute kisanduku chake barabarani.

Yasini akaja. Akamwamkia shikamoo kwa uangalifu, akaitikiwa marahaba ya mkato, akaketi kivulini akafungua kompyuta. Akamwonyesha mstari wa vipimo tangu siku ya kwanza, unaopanda na kushuka.

"Ona. Hapa maji yanaingia mchana, yanaingia tena kabla ya jioni. Kidogo kidogo, lakini udongo huu ni mchanga, na kipima kiko palepale, kinalowa mara moja. Mizizi ya huko mbele haipati kitu. Kesho tena, mara mbili. Kila siku." Akasogeza. "Halafu hapa pametulia. Ndiyo ile wiki Kornelio alipoondoka."

"Si nilikwambia."

"Ngoja, Mama. Tazama mwezi uliotangulia." Akasogeza nyuma. "Hapa pia pametulia, karibu wiki. Kornelio alikuwepo. Na mwezi wa nyuma yake, pia. Siwezi kusema ni yeye. Ni kitu kinachokuja kila siku mara mbili, halafu kila mwezi kinapumzika siku kadhaa. Ni nini hicho?"

Mwanaidi akatazama ule mstari. Mchana, na kabla ya jioni. Adhuhuri na alasiri, sala mbili zinazomkuta matutani. Na kila mwezi, siku kadhaa.

Damu ikampanda usoni. Aliijua ile kalenda kuliko alivyojua jina lake. Mashine ya watu, yenye betri na nyaya, ilikuwa imeandika siku zake za hedhi, na kijana wa umri wa mkwewe alikuwa amezionyeshea kidole kwenye kioo.

"Kalete koleo kule bandani," akamwambia. Yasini akaenda.

Mwanaidi akaingia ndani ya miiba. Pale palikuwa na jiwe bapa alilolileta yeye mwenyewe, ili akitawadha miguu isishike tope. Alikuwa amepachagua kwa usafi wake, na usafi ule ameutengeneza yeye kwa kuwakataza wengine. Akalisogeza jiwe, akachimba kwa vidole. Kipima kilikuwa chini yake hasa. Maji yote ya udhu, ya mikono, ya uso, ya miguu, yalikuwa yakimwagikia hapo, na hata siku moja hakuyahesabu kuwa ni maji. Maji aliyokataza ni ya kumwagilia. Haya ni ya ibada.

Yasini aliporudi alimkuta amechuchumaa.

"Ni udhu wangu," alisema bila kumtazama.

Kijana alifungua mdomo aulize kuhusu zile siku zilizotulia, kisha akaelewa, akafunga mdomo, akafunga na kompyuta. Alihamisha kipima katikati ya tuta, akazika na cha pili tuta jingine ili viwe vinashuhudiana. Akaifuta ile akili ya mashine. "Haikukosea," alisema taratibu. "Ilijifunza ilichoonyeshwa. Kwa sasa itafuata mstari tu mpaka tupate vipimo safi, ndipo nitaifundisha upya."

Nyanya zilikuwa zimepata dawa. Lakini Mwanaidi hakulala raha. Kornelio alikuwa bado Kivinje, hana kazi, kwa sababu nani atamwajiri mtu aliyesemwa vile?

Asubuhi alimkuta kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko, amekaa na wenziwe wakingoja gari la kupakua mizigo. Muuza kahawa, Abilahi, akaacha kumimina. Wanawake wawili wauza vitumbua wakageuka.

"Kornelio," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Si wewe. Maji nilikuwa namwaga mimi, kwa udhu wangu. Rudi kazini."

Kornelio akaweka kikombe chini.

"Nimesikia, Mama Sada. Lakini uliwaambia hawa kwamba nilipoondoka mashine ilipona. Uliwaonyesha kwenye simu. Kama ni wewe, mbona ilipona?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu wote pale walikuwa wakijiuliza, na bila jibu radhi ile ingekuwa huruma tu ya bosi, na jina lake lingebaki lilivyo. Mwanaidi alijua. Angeweza kusema mitambo ina mambo yake, watu wakatikisa vichwa, wakaendelea kuamini walichoamini.

Akasema kwa sauti ileile aliyomtukania:

"Kwa sababu wiki ile sikuwa nasali."

Wanawake ndio waliofahamu kwanza. Mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Abilahi akainamia birika lake kama aliyedondosha kitu. Mzee mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, na hakuna aliyejua anamwombea nani.

Kornelio akainuka, akajikung'uta suruali. "Miche ya tuta la mwisho imefungwa?" akauliza.

"Haijafungwa."

"Basi twende kabla jua halijawa kali," akasema, na safari hii alitembea sambamba naye.