Mtu wa Kumwita Kwenye Simu

Asubuhi ile sikwenda shuleni kusoma. Nilikwenda kumwambia mwalimu mkuu ampe mtu mwingine nafasi yangu, kwa sababu Jumamosi mama na mimi tungepanda treni ya kwenda Kasai. Wazazi wangu ni watu wa Kasai. Baba alikuja Katanga kuchimba shaba, akafia huku. Mimi nimezaliwa Lubumbashi, na Kasai nilikuwa naijua kwa chakula cha mama na kwa matusi yake tu. Lakini tangu Katanga ijitenge na Kongo, majirani waliokuwa wakija kuazima chumvi kwetu walianza kutuambia turudi makwetu. Tukahamia kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji, chini ya turubai, tukilindwa na askari wa kigeni ambao hatukuelewa hata salamu zao.

Mwaka ule shule ya posta na simu ilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mapigano. Mwalimu mkuu hakuwapo ofisini; alikuwa darasani anawakaribisha wanafunzi wapya. Nikaingia, nikakaa nyuma karibu na mlango, nikisubiri amalize. Nilikuwa na hasira, na nilitaka maneno yake yawe ya kijinga ili nisijute.

Alikuwa mwenyeji wa hapa hapa, mtu mfupi aliyeanza kazi kwa kupiga telegrafu katika kituo cha reli. Kwanza alizungumza Kifaransa cha hotuba. Alipoona tumenyamaza kama tuko kanisani, akafungua shati kifungo cha juu na kuingia Kiswahili chetu cha Katanga, kinachosema njo badala ya ndiyo na ba badala ya wa.

"Karibuni, batoto. Nitabauliza kitu kimoja. Reli iko moja, treni iko mbili, moja inatoka huku, ingine inatoka kule. Nani anazuia zisigongane?"

Mmoja akasema dereva. Mwingine akasema Mungu.

"Mungu anasaidia," akasema. "Lakini mukubwa wa kituo hawezi kuachia treni bila kuuliza kituo ya mbele: njia iko bure, haina treni? Anangojea jibu. Jibu haikuja, treni haitoki. Ile kuuliza na kujibu njo kazi yenu."

Tukacheka kidogo, mimi pia, bila kutaka. Akachukua kipaza sauti cha simu, akakifungua na kumwaga punje nyeusi juu ya karatasi. Yalikuwa makaa, punje ndogo kama unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Akaeleza kwamba ukisema, sauti inatikisa bati jembamba, bati linabana punje, na punje zikibanwa umeme unapita kwa wingi, zikilegea, unapungua. Umeme huo unaopanda na kushuka unakwenda na waya mpaka upande wa pili, na kule sumaku inavuta bati lingine, nalo linatikisika vile vile.

"Sauti haitembee mu waya," akasema. "Ni umeme njo inatembea, inabeba mufano wake. Kama hautaelewa hii mu mwezi wa kwanza, urudie kulima."

Kisha akatuambia tutakayofundishwa: kwanza umeme na sumaku, halafu chombo chenyewe cha simu, halafu meza ya kuunganishia watu kwa kamba, halafu nguzo na waya, halafu alfabeti ya Morse, na mwisho redio, kwa sababu miji ya mbali haikuwa na waya na ilizungumza kwa mawimbi. Mawimbi hayo, alisema, yanapanda juu sana, yanakuta tabaka la hewa lenye umeme, yanarudishwa chini mbali na yalikotoka. Mchana tabaka hilo linataka mawimbi ya namna moja, usiku ya namna nyingine.

"Na muntu asiye na simu?" akauliza mwenyewe. "Bengi habana. Basi posta ya kule inaandika hati ya wito, inatuma muntu na kinga, baiskeli ya posta, mpaka ku nyumba yake: kesho asubuhi kuja ku posta, kuko muntu anataka kukusemesha. Kipande ya mwisho ya simu ni miguu ya ule muntu."

Sijui ni nini kilichonipata. Nilisimama. "Mwalimu, na Kasai? Mashine ya kule imekufa?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Usemi wangu ulinisaliti, au labda ni neno lenyewe. Mwalimu alikunja karatasi yenye punje za makaa.

"Mashine iko muzima," akasema taratibu. "Yetu muzima, ya kule muzima. Na mbingu haina mupaka. Ni bantu njo balikatazana kuitikiana. Siku moja batafungua. Ile siku batatafuta mwenye kujua kazi, na bengi benye kujua balishafukuzwa."

Baada ya hotuba aliniuliza ninalala wapi. Nilipomwambia, alinipa chumba cha nyuma nyumbani kwake, akaniambia nisitembee ovyo mjini. Majirani zake walimsema sana kwa hilo.

Mama alinisikiliza akiwa amekaa juu ya furushi letu la nguo. Nilimwambia nitabaki nisome, na njia ikifunguliwa nitamwita; nikamweleza yote, punje za makaa, mbingu, hati ya wito. Alicheka aliposikia kwamba mtu wa posta atapanda kinga kwa ajili yake.

"Na akija nimekwenda sokoni?"

"Atarudi, mama."

"Posta hawana kazi nyingine?" Akafikiri. "Basi sitakwenda mbali na nyumba."

Jumamosi nilimpandisha treni. Hakulia. Alinishika kidevu, akanitazama kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kununua, akaniambia nile vizuri. Nililia mimi, na mpaka leo siwezi kukaa katika kituo cha reli.

Nilisoma kwa ukali. Morse niliijua kabla ya wenzangu wote, na bado kila asubuhi nilipita mbele ya mtambo wa redio uliokuwa umenyamaza upande wa Kasai, mzima kabisa. Niliuchukia zaidi kuliko kama ungekuwa umevunjika. Kitu kilichovunjika mtu anaweza kukitengeneza.

Kujitenga kulipokwisha, njia ya hewani ilifunguliwa tena, na mwalimu akaniweka kwenye meza kwa mazoezi. Wito wangu wa kwanza ulikuwa wa mama. Nilimpa karani wa kule jina lake na mtaa, nikamwomba atume hati. Sauti ya karani ilikuwa inapanda na kuzama, lakini nilimsikia vizuri.

"Huyo hahitaji hati," akasema kwa lugha yetu. "Alikuwa anakuja mwenyewe. Kila siku ya soko anakaa hapa kwenye benchi. Tukimwambia njia ya Katanga imefungwa, anasema mtoto wake anaitengeneza."

Nikauliza yuko wapi sasa.

"Wewe ni nani?"

Nikamwambia.

Nilimsikia akimwomba mtu wa upande wake asubiri. Kisha akasema walimzika kabla ya Noeli, kwa homa, na kwamba watu wa posta walichangia jeneza, maana walikuwa wamemzoea.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuniondoa mezani, na ninamshukuru kwa hilo. Watu wengine walikuwa kwenye foleni wakingoja Kasai yao, miaka karibu mitatu ya maneno ndani ya vinywa vyao. Karani naye alikuwa na foleni upande wake, na alipaswa kumaliza wito wangu kama sheria ya kazi inavyotaka.

"Kuna mtu mwingine nikuitie?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna, nikaita jina la mtu aliyefuata.