Kuku Muuza Vitenge

Mpaka leo mtu akiniambia "ni utani tu," joto hunipanda shingoni. Chanzo chake ni kuku wa katuni.

Studio yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, Kariakoo, juu ya maduka ya mashuka na mapazia. Tulikuwa tunatengeneza katuni ya watoto kuhusu wanyama wa sokoni: kunguru dalali wa samaki kule Feri, kobe anayesukuma mkokoteni, na kuku mwenye duka la vitenge. Mimi nilipewa kazi ya kuandika maelezo ya sauti, ambayo wenyewe tuliyaita brifu, pamoja na mpango wa kuwapata waigizaji. Kwenye katuni sauti hutangulia. Mchoraji hungoja sauti irekodiwe, ndipo achore mdomo unavyofunguka na mabega yanavyocheza. Ukikosea sauti, michoro yote inafuata kosa lako.

Kwa hiyo sikuandika "sauti nzito" wala "sauti ya kuchekesha," maneno yasiyomsaidia mwigizaji chochote. Niliandika kila mnyama anataka nini, na sauti yake inakuwaje anapokikosa. Kunguru huongea mbio, hamalizi sentensi, maana anaogopa kwamba akinyamaza tu mnunuzi ataondoka. Kobe hukata maneno akivuta pumzi kwa sababu ya mzigo, na hajibu kabla hajafikiri. Kuku ndiye aliyenichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kuku yule alikuwa mama yangu.

Mama alitoka Kilimanjaro akiwa binti, na duka lake la vitenge haliko mbali na ile studio. Hapigi kelele. Mteja akimletea jeuri, mama anashusha sauti, na anazidi kuishusha, mpaka mteja inabidi ainame juu ya meza ili amsikie. Akishainama, kashindwa. Nikaandika: "Akikasirika sauti hushuka. Asipige kelele hata mara moja. Anawapenda wateja wake ila hatawaambia." Nilipomweleza mama, alijifanya hajali, kumbe kesho yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa dukani kwamba anawekwa kwenye katuni.

Kwenye mpango nilipendekeza kila mwigizaji asome sentensi za aina tatu: ya kukaribisha, ya kugombana na ya kudanganya. Rekodi zipewe namba na majina yafichwe, ili tuchague sauti, tusichague sura wala umaarufu. Watakaobaki tuwasikilize wawili wawili, kuku na kunguru, kobe na kuku, maana sauti nzuri ikiwa peke yake inaweza kufanana mno na ya mwenzake. Mistari ya kupayuka irekodiwe mwisho, koo la mtu lisije likaisha kabla ya kazi.

Mwongozaji wetu, mtoto wa mjini, Mzaramo mcheshi anayependwa na kila mtu, aliisoma ile brifu mbele yangu. "Hii imetulia," akasema. Nikaenda nyumbani nimefurahi.

Siku ya usaili, mwigizaji wa kwanza kusomea sehemu ya kuku aliingia kwenye chumba cha kurekodia, akajiweka sawa mbele ya maikrofoni, akapayuka: "Aisee! Yesu na Maria! Hela yangu iko wapi?"

Nilidhani ni mbwembwe zake. Akaja wa pili, yale yale. Wa tatu akaongeza na kukohoa. Nikatoka, nikamwomba aliyefuata karatasi yake, na pale, chini ya maneno yangu kuhusu kuku, palikuwa na mstari nisioujua: "Lafudhi ya Kichaga, nzito. Anapenda hela kupita kiasi. Achekeshe."

Nilimfuata mwongozaji nikiwa na ile karatasi mkononi.

"Bosi, hii umeongeza wewe?"

"Nimechangamsha kidogo tu. Ni utani, dada'angu."

"Utani gani? Watani wetu sisi Wachaga ni Wapare. Wewe Mzaramo umeanza lini kuwa mtani wangu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia utani ni kupokezana: Mpare akinisema, namsema, hata msibani kwao, na hakuna anayekwenda kulala na donge. "Sasa mtoto wa Mtwara akimcheka mama yangu kwenye televisheni, mama atamjibu kupitia wapi?"

"Mbona unakuwa siriasi hivyo? Watu watapenda."

"Na kunguru je? Yule dalali muongo, umemwekea lafudhi ya wapi?"

"Kunguru anaongea kawaida."

Kawaida! Neno hilo liliniuma kuliko ule mstari. Kumbe kwao ndiyo kawaida, kwetu ndiyo kichekesho. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitamani kuichana ile karatasi, lakini waigizaji walikuwa wamejaa kwenye ngazi na nakala zao, na madhara yalikuwa yameshafanyika. Nikarudi kukaa, nikaendelea kumsikiliza mama yangu akidhihakiwa na watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wanafanya walichoandikiwa.

Jioni ilipokaribia akaingia dada mmoja wa Rombo, Mchaga mwenzetu, mwigizaji wa siku nyingi wa michezo ya redio. Yeye alisoma brifu kana kwamba ule mstari haupo. Alipofika kwenye sentensi ya ugomvi aliishusha sauti, akaishusha tena, na fundi mitambo nikamwona anaegemea mbele kuelekea spika. Machozi yalinilenga. Mwongozaji aliandika pembeni ya jina lake: "Hana lafudhi."

Nilikataa kuondoka mpaka mpango ufuatwe. Fundi akapanga rekodi kwa namba tu, akazicheza mbili mbili, kila kuku na ya kunguru tuliyekuwa tumeshamkubali. Hapo ndipo upuuzi wa ule mstari uliposikika. Kunguru anapayuka, kuku naye anapayuka, na ukifumba macho hujui nani anauza samaki na nani vitenge. Mwongozaji mwenyewe akauliza, "Huyu ni kuku au bado kunguru?" Ikafika namba ya yule dada. Kunguru akabwata, kuku akajibu chini chini, na kwa mara ya kwanza siku ile tukawasikia viumbe wawili.

"Huyo," akasema mwongozaji. "Huyo ndiye kuku."

Fundi akafunua jina. Mwongozaji akakuna kichwa, kisha akatabasamu vilevile kama siku zote. "Sawa, apewe. Lafudhi tutaiongeza siku ya kurekodi."

Sikuamini masikio yangu. Masikio yake yalikuwa yamemwambia ukweli, na bado alikuwa anataka kuuvalisha kinyago. Sikwenda dukani kwa mama wiki ile. Ningemwambia nini?

Siku ya kurekodi yule dada alisoma kurasa zote za asubuhi bila kukosea. Alimkaribisha kobe, akagombana na kunguru, akadanganya bei kwa upole hadi fundi akacheka. Nikaanza kuamini kwamba mwongozaji ameshasahau. Hakusahau. Alibonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha ndani.

"Dada, safi sana. Sasa turudie toka mwanzo, ila safari hii niwekee lafudhi."

Upande wa pili wa kioo yule dada aliinua macho. "Lafudhi ya wapi, kaka?"

"Ya kwenu kule."

Hakununa wala hakucheka.

"Ya kwetu," akasema, "ndiyo hii niliyoongea tangu asubuhi."

Mwongozaji alibaki na kidole kwenye kitufe, kwa hiyo kule ndani yule dada aliendelea kusikia namna sisi sote tulivyonyamaza. Kisha akafunua ukurasa uliofuata, akasubiri.